Mtihani Niliomtungia Binti wa Jirani

Nimefundisha Historia kwa miaka mingi katika shule moja ya sekondari ya kutwa pale Parklands, Nairobi, na kwa miaka yote hiyo nimejisifu kwa jambo moja: sina upendeleo. Walimu wenzangu wana watoto wa binamu, watoto wa kanisani, watoto wa mwanachama mwenzao. Mimi nikiingia darasani sina ndugu. Nililisema hili mara nyingi mno, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza, na mke wangu alikuwa amezoea kutoka sebuleni kila nilipoanza.

Kule Kabiria ninakokaa, ukuta mmoja unanitenga na fundi wa nguo, mama kutoka Ukambani mwenye cherehani Dagoretti Corner. Suruali zangu zote ni yeye aliyezipunguza miguu. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu katika Kidato cha Tatu. Alisoma kwetu kwa ufadhili, na masharti ya ufadhili yalikuwa mafupi: mwisho wa mwaka apate asilimia sitini au zaidi katika kila somo. Akishuka katika somo moja tu, nafasi yake anapewa mwingine. Masomo mengine yote alikuwa ameshayavuka. Lilibaki la kwangu, karatasi ya insha, na asubuhi ya karatasi hiyo akaanguka kwenye korido akiwa ameshika tumbo. Hospitali haikuwa mbali, na adhuhuri ilipofika walikuwa wameshamtoa kidole tumbo.

Naibu wa mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake. "Akipona mtungie karatasi nyingine," alisema. "Ile ya kwanza haifai, darasa zima limeshaizungumza. Lakini uzito uwe uleule. Usimpunguzie, usimwongezee."

Nikamwambia asijali, amempata mtu mwenyewe.

Sasa, jioni hiyohiyo mama mtu alibisha geti letu akiwa na mfuko wa mbaazi mbichi. Nilikuwa bado sijafika. Mke wangu alizipokea, wakaongea habari za mgonjwa, wakaagana. Nilipoingia nilikuta harufu nzuri ya mbaazi zikichemka, nikauliza zimetoka wapi, na nilipoambiwa, nilikaribia kuzimia.

"Unajua hii ni nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Ni mbaazi."

"Ni hongo! Mtoto wake anafanya mtihani wangu wiki mbili zijazo!"

"Basi usile," akasema, akaendelea kukoroga.

Kurudisha mbaazi zilizoiva nusu hakuwezekani. Kwa hivyo kesho yake nilikwenda soko la Kawangware, nikatafuta mbaazi mbichi za aina ileile, nikazipima kwa macho mpaka muuzaji akaanza kunitazama vibaya, nikazibeba hadi Dagoretti Corner. Nilimkuta mama amepiga miwani, anaweka zipu. Niliziweka juu ya meza ya cherehani nikamweleza, kwa Kiswahili kirefu cha ofisini, kwamba cheo changu hakiniruhusu.

Alifungua mfuko akachungulia. "Mwalimu, hizi si zile zangu," alisema. "Zangu zilikuwa ndogo ndogo. Zilitoka kwa mama yangu."

"Ni mbaazi," nikasema.

"Na zile zangu ziko wapi?"

Niliondoka huku wateja wawili wakinisindikiza kwa macho, na moyoni nikala kiapo kwamba hakuna mtu, hapa Kabiria wala kule shuleni, atakayesema nimembeba mtoto wa jirani.

Ni katika hali hiyo ya moyo nilikaa kutunga karatasi ya pili.

Karatasi yetu ya insha ina maswali sita, mwanafunzi anachagua manne, na kila moja lina alama kumi na tano. Sehemu ya kwanza anataja mambo matatu, alama moja kila jambo. Sehemu ya pili anaeleza mambo sita, alama mbili kila jambo. Jumla sitini. Ili ufadhili ubaki, binti alihitaji thelathini na sita.

Nilifuata umbo lile kama fundi anayefuata kipimo. Pale ambapo karatasi ya kwanza ilisema "Taja", ya pili nayo ikasema "Taja". Palipokuwa na "Eleza mambo sita", nikaweka "Eleza mambo sita". Katika ya kwanza niliuliza athari za reli ya Uganda kwa Kenya. Katika ya pili nikauliza sababu zilizofanya Wafaransa washindwe katika sera yao ya kuwageuza Waafrika wa Senegal kuwa Wafaransa. Ukoloni kwa ukoloni, sita kwa sita, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Nilifanya hivyo swali baada ya swali, nikaandika na mwongozo wa kusahihishia, nikazipanga karatasi zote kwenye bahasha. Kusema kweli nilijipenda sana siku hiyo.

Katika idara yetu kuna desturi moja ambayo mkuu wa idara alikuja nayo na ambayo hakuna mwingine aipendaye. Kabla mtihani haujachapishwa, aliyeutunga anaufanya yeye mwenyewe, chumba cha walimu, akipimiwa muda kwa saa, mwongozo ukiwa mikononi mwa mkuu wa idara. Mimi nilikuwa nimeikwepa desturi hiyo kwa miaka. Mara naumwa kichwa, mara nina zamu ya geti, mara niko kwenye maziko. Yeye ni mama mdogo wa umbo, anakunywa chai ya rangi bila sukari, hapandishi sauti, na hafundishi darasa langu. Kwa mitihani ya kawaida alikuwa ameniachia. Safari hii alizipokea bahasha zangu, akaziweka chini ya kiwiko, akanisukumia karatasi tupu.

"Swali la nne, sehemu ya pili," alisema. "Wafaransa. Dakika kumi na tano."

"Madam, mimi ndiye nimelitunga."

"Ndiyo maana halitakusumbua."

Walimu walikuwa wanakunywa chai ya saa nne. Waliacha kunywa.

Nikaanza vizuri. Waislamu wa Senegal hawakutaka kugeuzwa Wakristo: moja. Machifu walipoteza mamlaka yao, wakapinga: mbili. Sera ilikuwa ghali, shule na kadhalika: tatu. Wafaransa wenyewe waliogopa kwamba wabunge Waafrika wangejaa katika bunge lao: nne. Hapo kalamu ikasimama. Niliitazama dari. Nilimtazama mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa anatafuna andazi polepole kama mtu aliye kwenye mechi. Najua nilikuwa nimeandika sita katika mwongozo, na niliziona kabisa zimekaa kwenye ukurasa, zile mbili za mwisho zikiwa na doa la chai pembeni, lakini doa ndilo nililoliona, maneno sikuyaona. Mwisho, kwa aibu, nikaandika: Wafaransa walikuwa na kiburi.

Mkuu wa idara alisahihisha mbele ya watu wote. "Nane kati ya kumi na mbili," alisema.

"Na kiburi?"

"Haiko kwa mwongozo."

"Lakini ni kweli! Mtu yeyote mwenye akili..."

"Mwongozo aliandika nani?"

Chumba kizima kikacheka. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto, na nikasema jambo ambalo baadaye nilitamani kulimeza: kwamba hata karatasi ya kwanza mtu angekwama vilevile, mtihani ni mtihani.

"Tuone," alisema mkuu wa idara. Akamgeukia mwalimu wa michezo. "Wewe Historia uliacha lini?"

"Form Two, Madam. Na nilifurahi."

"Ukae hapo. Niambie mambo sita ambayo reli ilifanyia Kenya. Usiandike, sema tu."

Mwalimu wa michezo alimeza andazi. "Ilileta Nairobi," alisema. "Hapa pengekuwa fisi tu na maji. Halafu ilileta Wahindi, si hata jirani wetu wote hapa Parklands babu zao walikuja na hiyo kazi? Halafu biashara, maduka. Watu walipata kazi. Wazungu wakakuja na mashamba yao, wakachukua ardhi za watu. Ni ngapi?"

"Ukitenganisha Wazungu na ardhi, sita."

"Niko na ingine. Waganda na Wakenya wakajuana. Na Serikali ikapata njia ya kufika huko ndani na polisi."

"Sasa niambie kwa nini Wafaransa walishindwa Senegal."

Alifikiri. "Si wako na timu poa sana, hao Senegal?"

Hakuna aliyeweza kuendelea kwa muda. Hata mimi nilicheka, ingawa nilijaribu kufanya kicheko kitokee puani. Mkuu wa idara pekee hakucheka. Alikuwa amefungua miongozo yangu miwili, mmoja kushoto mwingine kulia, na alikuwa anahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Njoo uone," aliniambia, safari hii kwa sauti ya chini. "Swali la reli, mwongozo wako una majibu kumi na moja yanayokubalika. Mtoto anatoa yoyote sita. Swali la Wafaransa una sita tu, na anatakiwa kutoa sita. Huku anachota kutoka kapu lililojaa, huku analazimika kumaliza kapu. Swali la pili, kumi kwa saba. Swali la tano, tisa kwa sita. Maneno ya maswali umeyalinganisha vizuri sana. Majibu hukuyalinganisha hata kidogo. Tena reli ulifundisha muhula huu, wiki mbili nzima. Wafaransa ulifundisha lini?"

Nilifundisha muhula wa kwanza, somo moja, siku ya mvua, nusu ya darasa ikiwa imekwama barabarani. Sikumwambia habari ya mvua.

"Huyu mtoto amekukosea nini?" akauliza.

"Hajanikosea. Ni jirani yangu."

"Kwa hivyo?"

"Watu watasema nimempendelea."

"Watu gani?"

Nilifungua mdomo nimtajie. Nilipekua Kabiria nzima, nikapekua chumba cha walimu, nikapekua hata kanisa langu, na sikupata hata mtu mmoja. Hakuna aliyekuwa anasema lolote. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nimekaa nikijisikiliza.

Tuliitunga upya karatasi ile, yeye na mimi, kwa siku tatu, baada ya vipindi. Kila swali la karatasi ya kwanza tulilitafutia mwenzake: mada ileile au iliyofundishwa karibu nayo, kwa muda unaokaribiana, na kitabu kikiwa na kurasa zinazolingana. Hatukuanza na swali, tulianza na majibu. Tuliorodhesha yote yanayokubalika, tukayahesabu, na swali likizidi au kupungua kwa zaidi ya jibu moja tulilitupa. Badala ya Wafaransa tuliweka athari za kukua kwa miji nchini wakati wa ukoloni. Majibu kumi na moja, kama reli. Kila swali gumu katika karatasi ya kwanza lilipata gumu mwenzake, ili asije akapata maswali sita rahisi ya kuchagulia manne. Nilijaribu mara moja kupenyeza Wafaransa kwenye sehemu ya kutaja. Aliwafuta bila kuinua macho.

Kisha nikafikiri tumemaliza.

"Bado," alisema. "Mimi na wewe tunadhani ziko sawa. Tutajuaje?"

Alichagua wanafunzi wanne wa darasa langu ambao walikuwa wamefanya karatasi ya kwanza: mmoja wa juu, wawili wa katikati, mmoja wa chini. Asubuhi ambayo binti alifanya mtihani wake maktaba, hao wanne waliufanya uleule katika maabara ya kemia, saa ileile, ili pasiwe na wa kumnong'onezea mwenzake. Waliambiwa ni mazoezi, wakanichukia kama ilivyo haki yao. Karatasi zote tano zilipewa namba badala ya majina na akazisahihisha mkuu wa idara, ambaye mwandiko wa darasa langu haujui. Mimi niliambiwa nikae mbali. Na ili kipimo kiwe kimoja, alisahihisha upya na karatasi za kwanza za wale wanne. Kama wote wanne wangeshuka, tungejua karatasi ya pili ni nzito na tungemwongezea binti kiasi hicho. Kama wote wangepanda, ingebidi tumpunguzie, na hilo ndilo lililoninyima raha wiki nzima, kwa sababu sasa nilikuwa namtakia heri kwa moyo wote na sikuwa na ruhusa ya kumfanyia chochote.

Mmoja alipanda alama mbili. Mmoja alishuka moja. Wa tatu alishuka moja. Wa nne, yule wa chini, alipata alama zilezile kabisa, na naamini angepata zilezile hata tungemuuliza mambo ya mwezini.

Matokeo nilipewa Ijumaa mchana, lakini yalikuwa yabandikwe Jumatatu. Jumamosi nilikuwa nje ya geti langu nikifuta viatu vya kanisani, nikamwona binti anakuja. Alikuwa anatembea polepole bado, mkono mmoja ubavuni.

"Mwalimu, sasa... habari ya mchana," alijirekebisha. "Niko na swali. Naweza uliza?"

"Uliza."

"Ile paper. Mlinionea huruma?"

Niliweka brashi chini.

"Ilikuwa rahisi," alisema, na macho yalikuwa yameanza kujaa maji. "Si rahisi sana, lakini nilikuwa najua mambo mengi. Ile ya miji nilikuwa na point nane nikafuta mbili. Nimekaa nikafikiria, labda ni juu nilikuwa hospitali. Labda ni juu tunakaa hapa. Mathe alikuwa anasema usijali, mwalimu ni jirani. Mimi hicho ndicho kitu nilikuwa naogopa. Kama ni huruma, si yangu. Afadhali nijue."

Nimesimama mbele ya wanafunzi nusu ya maisha yangu na nadhani sijawahi kuulizwa swali la haki kama lile. Nilimkalisha kwenye ngazi ya mlango wangu, nikaingia ndani, nikatoa ile karatasi ya kwanza niliyomtungia, ile ya Wafaransa. Sikujua bado kwa nini nilikuwa nimeihifadhi.

"Huu ndio mtihani niliotaka kukupa," nilimwambia. "Soma."

Alisoma. Alipofika swali la nne alisimama hapo muda mrefu, midomo ikitikisika, vidole vikihesabu. Vilifika vitatu vikarudi kukunja.

"Hii ni ngumu, mwalimu."

"Ni ngumu kuliko waliyofanya wenzako. Niliifanya mwenyewe, nikashindwa."

"Sasa kwa nini..."

"Kwa sababu wewe ni jirani yangu. Nilitaka nionekane sijakupendelea." Nilisikia jinsi lilivyokuwa neno dogo, likisemwa nje, mchana, kwa mtoto mwenye mshono tumboni. "Uliyofanya haikuwa ya huruma. Tuliipima na wenzako wanne na ikatoka sawa. Ulipokuwa unajua mambo mengi, ni kwamba ulikuwa unajua mambo mengi. Mimi ndiye nilikuwa sijui."

Aliendelea kuitazama karatasi. Nilingoja anikasirikie, na ningeshukuru.

"Nimepata ngapi?" aliuliza.

Nilikuwa siruhusiwi kusema kabla ya Jumatatu. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia mwanafunzi alama kabla ya wakati wake, hata mmoja, hata mtoto wa dada yangu.

"Thelathini na nane," nikamwambia.

Alifunika uso kwa karatasi ile ya Wafaransa akalia, mabega yakitikisika, mkono umeshika mshono kwa sababu ulimuuma akilia. Mke wangu alitoka kwa mlango kuona nimemfanya nini mtoto wa watu. Binti alipotulia, alipangusa macho, akaitazama tena karatasi iliyokuwa imelowa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Na kwa hii ningepata ngapi?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo usiku mwingi bila kupenda. Nilimwambia ishirini na kitu. Nilimwambia nafasi yake ingeenda kwa mwingine, na mimi ningerudi hapa nyumbani na kula chakula changu, nikimweleza mke wangu kwamba mimi sina upendeleo.